Tangazo linafika mpaka "kama ifuatavyo:" halafu basi, orodha hamna. Inakatwa wapi?

Karani_wa_Chama

Wakuu habari zenu. Nina jambo linanisumbua karibu miezi mitatu sasa na limeshaanza kuleta maneno kati ya watu, naomba tulijadili maana nimeshindwa hata pa kuanzia.

Mimi ndio natunza mfumo wa matangazo wa chama chetu. Ni mfumo wa kawaida tu, katibu anaingia kwa simu yake, anajaza fomu yenye kichwa cha tangazo na ujumbe, anabonyeza Tuma, tangazo linahifadhiwa kwenye databesi halafu programu inalisoma kutoka humo, inawapelekea wanachama kwa barua pepe na kuliweka pia kwenye ukurasa wa matangazo. Fundi aliyeutengeneza alishaondoka zamani, mimi niliachiwa nywila na karatasi mbili za maelezo.

Sasa matangazo mengine yanafika hivi, nakopi lilivyo:

> Ndugu wanachama, kwa ajili ya semina ya Jumamosi, vitu vya kuja navyo ni kama ifuatavyo:

Hapo ndio mwisho. Chini yake peupe. Hakuna orodha, hakuna jina la katibu, hakuna kitu. Watu walikuja semina mikono mitupu wakamlaumu katibu kwamba anaandika nusu nusu na kuwaachia wengine kazi ya kubahatisha, na yeye kaumia kweli, kanionyesha simu yake maana huwa anaandika kwanza pembeni ndio anakopi na kupesti kwenye fomu, na orodha ipo yote, vitu saba. Kinachonichanganya ni kwamba sio kila tangazo. Wiki hii linafika zima lenye orodha ndefu, wiki ijayo linakatika. Nimepekua ya nyuma nikakuta matatu hivi yameishia kwenye nukta pacha.

Mwenye kujua anisaidie, na kama kuna namna ya kuyarudisha yaliyopotea ndio nitashukuru zaidi.

ChapaKazi

Hiyo mbona rahisi mkuu, huyo katibu amefika kwenye nukta pacha akabonyeza Enter ili ashuke mstari aanze namba moja, na Enter ikatuma. Mimi hunitokea kila siku kwenye grupu za kazini nikitumia kompyuta, naandika "majina ni kama ifuatavyo" nashuka mstari, tayari imekwenda, watu wanaanza kuniuliza majina yako wapi na mimi ndio kwanza naandika. Mwambieni atumie Shift na Enter.

Karani_wa_Chama

@ChapaKazi asante lakini hii ni fomu yenye kibonyezo chake cha Tuma, Enter inashusha mstari tu, nimejaribu mwenyewe kwa simu na kwa kompyuta. Halafu yeye hachapi humo, anapesti ujumbe wote kwa mkupuo mmoja.

Mwl_Mstaafu

Mimi naona tatizo limeanza kabla ya kufika huko kwenye mitambo. "Vitu vya kuja navyo ni kama ifuatavyo" si Kiswahili kizuri. Ukishataja vitu, sema "ni hivi vifuatavyo", au "majina yafuatayo", au "hatua zifuatazo", kirejeshi kifuate ngeli ya jina. "Kama ifuatavyo" inakaa vizuri pale unapoeleza namna jambo linavyokwenda, mfano "utaratibu utakuwa kama ifuatavyo". Siku hizi imekuwa kama kizibo, kila orodha inazibwa na neno hilo hilo. Arekebishe hapo kwanza.

Antena_Tatu

Mwalimu heshima yako lakini hapo umetoka nje ya barabara kidogo, hata angeandika vifuatavyo lingekatika tu.

Karani, hiyo ni idadi ya herufi. Meseji inabeba herufi 160, ukizidisha inakatwa. Nimefanya kazi na mifumo ya kutuma meseji kwa wingi kwa hiyo hili nalijua vizuri, na mbaya zaidi ukiweka emoji hata moja uwezo unashuka kutoka 160 mpaka 70. Mwambie katibu afupishe au agawe tangazo mara mbili, litapona.

Kipepeo09

Naomba na mimi niingize la kwangu maana naona linafanana kabisa. Nina programu yangu ndogo ya kutuma ripoti kwa barua pepe, niliiandika mwenyewe, inaongea na seva ya barua moja kwa moja. Kuna mkubwa mmoja kazini ripoti zake zinafika hadi "mapendekezo yetu ni kama ifuatavyo:" halafu kimya. Za watu wengine zinafika zima. Huyo mkubwa hatumii emoji hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo na mimi nasubiri jibu hapa hapa.

Binti_Seva

Habari zenu. Kazi yangu ni databesi na barua pepe za mifumo, nimeona mengi ya namna hii. Kabla ya kukimbilia dawa tuangalie kitu kimoja, imekatika WAPI hasa.

Kikomo cha urefu hakijui maana. Kinahesabu tu, kikifika namba yake kinakata, katikati ya neno, katikati ya namba ya simu, popote. Ungeona tangazo moja linaishia "kama ifua" na lingine linaishia "leteni dafta". Likikatika kila mara mwisho kabisa wa nukta pacha, pale pale orodha inapoanza, na matangazo yenyewe urefu wake haufanani, basi hakuna anayehesabu. Kuna kitu kipo mwanzoni mwa orodha ambacho mashine ikikifikia inakataa kuendelea.

@Antena_Tatu hizo namba 160 na 70 ni za kweli kwa meseji ya simu ikiwa moja peke yake. Ikizidi hapo huwa haikatwi, inagawanywa vipande vya herufi 153, au 67 kama ina emoji, na simu inayopokea inaviunganisha tena. Ila Karani kasema ni barua pepe na ukurasa, meseji ya simu haipo kwenye hadithi hii.

Karani naomba vitu viwili. Moja, pesti hapa orodha ya katibu kama ilivyo kwenye simu yake, usisafishe chochote. Pili, kama unaweza kuingia kwenye MySQL niendeshee hii, weka namba za matangazo yaliyokatika na moja ambalo watu wanaamini lilifika zima:

```
SELECT id, CHAR_LENGTH(ujumbe), RIGHT(HEX(ujumbe), 12)
FROM matangazo WHERE id IN (31, 44, 52, 58);
```

Hiyo inatuonyesha baiti sita za mwisho za kila ujumbe kama zilivyo ndani ya databesi, kabla barua pepe haijazigusa. Kama orodha imo humo tunakwenda kumkamata mtuma barua. Kama haimo, ilishapotea wakati wa kuhifadhi na barua pepe haina kosa lolote.

Binti_Seva

@Kipepeo09 nakujibu kwa pembeni maana yako ni ugonjwa mwingine wenye dalili ile ile. Huyo mkubwa ana tabia ya kuweka nukta moja peke yake kwenye mstari ili kuachanisha aya? Angalia ripoti yake ya asili, baada ya "kama ifuatavyo:" kuna mstari wenye nukta tu?

Kipepeo09

Dada umejuaje?? Ndiyo, anaweka nukta, anasema mstari mtupu huwa unaliwa kwa hiyo anaweka nukta ili nafasi ibaki. Ndio nini sasa?

Binti_Seva

Ndio hicho. Katika lugha ambayo seva za barua zinaongea, yaani SMTP, mtumaji akishasema DATA anaanza kumimina ujumbe, na namna ya kusema "nimemaliza" ni kuweka mstari wenye nukta moja tu. Seva ikiona hiyo nukta ya mkubwa wako inasema sawa nimepokea, inafunga barua hapo hapo. Orodha yote iliyobaki inafika kwa seva kama amri ambazo haizielewi. Ukifungua logi utakuta baada ya jibu la 250 kuna msururu wa makosa ya 500 au 502, moja kwa kila mstari wa mapendekezo yake.

Dawa imo kwenye kanuni zenyewe, mstari wowote wa ujumbe unaoanza na nukta unaongezewa nukta nyingine mbele kabla ya kutumwa, na upande wa pili anaitoa. Maktaba zote za kawaida za kutuma barua zinafanya hivyo zenyewe, wewe umeandika ya kwako ndio maana haipo. Usimkataze mkubwa nukta zake, badilisha programu itumie maktaba.

Kipepeo09

Nimefungua logi. 250, halafu 502 kumi na moja zimepangana, na mapendekezo yake yalikuwa mistari kumi na moja. Nimekaa nayo hiyo mwaka mzima nikidhani ni kompyuta yake. Asante sana dada, naendelea kuwafuatilia.

Karani_wa_Chama

Nimerudi. Orodha ya semina ilivyo kwa simu ya katibu hii hapa:

> vitu vya kuja navyo ni kama ifuatavyo:
> 👉 Daftari na kalamu mbili
> 👉 Nakala ya kitambulisho
> 👉 Picha ndogo mbili

na kuendelea, vyote saba vina kidole. Na majibu ya databesi:

```
31   118   746176796F3A
44    90   76796F3A0D0A
52   412   6F3A0D0A0D0A
58   640   2073616E6120
```

La semina ni 44. Hiyo 58 ndio niliyoweka kama mfano wa lililofika zima, lina orodha ndefu ya majina na yalifika yote, kila jina lina kistari mbele. Hizi namba za mwisho sizielewi hata kidogo.

Binti_Seva

Vizuri sana, tusome pamoja. 3A ni nukta pacha. 0D0A ni kushuka mstari. 44 inaishia "vyo:" halafu kushuka mstari, basi. 52 inaishia nukta pacha na kushuka mistari miwili, nadhani katibu aliruka mstari kabla ya kuanza orodha. Kwa hiyo orodha haimo kabisa kwenye databesi, barua pepe ilituma ilichopewa. Na angalia urefu, moja ni herufi 90, nyingine 412, kwa hiyo suala la kikomo tuliweke pembeni moja kwa moja.

Sasa tazama 58 unayosema ni zima. 2073616E6120 ni nafasi, "sana", nafasi. Tangazo zima haliishii na nafasi baada ya "sana". Nenda kamuulize katibu mwisho wake ulikuwaje. Nakisia palikuwa na "Asanteni sana" halafu emoji ya mikono.

Karani_wa_Chama

Dah. Nimempigia. Mwisho wake ni "Asanteni sana 🙏" na chini ya hapo kulikuwa na mstari mmoja, "NB: muda umesogezwa, tunaanza saa nne sio saa tatu". Huo mstari hakuna aliyeupata. Siku ile watu walifika saa tatu wakakaa saa nzima, na katibu akasisitiza kwamba aliandika, na sisi wote tukamwambia hakuandika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nimeshamuomba radhi kwenye simu sasa hivi.

Binti_Seva

Umefanya vizuri kumuomba radhi. Ndio ubaya wa kitu hiki, orodha ikikatika kila mtu anaona maana "kama ifuatavyo" imeahidi kitu na hakijaja, lakini ikikata kwenye shukrani hakuna anayejua kwamba chini palikuwa na maneno.

Kinachotokea ni hivi. Herufi za kawaida, a mpaka z, zinachukua baiti moja moja. Kidole 👉 kinachukua baiti nne, F0 9F 91 89. MySQL ina aina ya herufi inayoitwa `utf8` ambayo licha ya jina lake inapokea mwisho baiti tatu kwa herufi. Ipo hivyo tangu toleo la 4.1. Ile kamili inaitwa `utf8mb4` na ilikuja kwenye 5.5.3 mwaka 2010, kwa hiyo mifumo mingi iliyotengenezwa kwa kufuata maelekezo ya zamani imebaki na ile ya tatu. Ukiipa kidole, inasoma ujumbe vizuri mpaka inafika F0, inaona hii siijui, na inahifadhi kila kilichokuwa kabla yake tu. Kidole na vyote vilivyo nyuma yake vinatupwa.

Databesi haifanyi hivyo kimya kwa kupenda. Tangu toleo la 5.7 hali yake ya kawaida ni kukataa ujumbe wote na kutoa kosa, na ingefanya hivyo katibu angeona kosa siku ya kwanza. Kwenu ama toleo ni la zamani ama kuna mtu ameizima. Tafuta kwenye faili la kuunganisha databesi, utakuta mistari inayofanana na hii:

```
$db->query("SET NAMES utf8");
$db->query("SET SESSION sql_mode=''");
```

Antena_Tatu

Dada samahani nakukatiza, mimi emoji nilizitaja tangu mwanzo kwa hiyo hapo sikukosea sana. Ila maelezo yako yana tobo moja. Nimeona watu kibao kwenye mifumo ya zamani kama hiyo wanaanza orodha na ✅ na zinafika bila shida, sasa kama emoji ndio ugonjwa mbona hiyo inapita?

Binti_Seva

Swali zuri hilo, na ndilo linalofanya watu wazunguke miezi. ✅ ni baiti tatu, E2 9C 85, kwa hiyo inapita. Hata ✔ inapita. 👉 na 🙏 na 📌 ni baiti nne zote, zinakata. Kwa macho zote ni emoji, kwa databesi ni vitu viwili tofauti. Ndio maana Karani anasema wiki hii linafika wiki ijayo linakatika, nina hakika katibu anabadilisha alama kutegemea na siku.

Karani_wa_Chama

Ni kweli kabisa. Nimepitia yaliyofika yote, yana vistari au hiyo tiki ya kijani. Na faili nimelifungua, mistari yote miwili ipo, na juu ya ule wa sql_mode fundi kaandika maelezo "kuzima kosa la tarehe". Mfumo wenyewe ni MySQL 5.6.

Nimeondoa mstari wa kwanza nikaweka `$db->set_charset('utf8mb4');` nikatuma tangazo la majaribio lenye vidole. Sasa orodha imefika yote! Lakini mahali pa kidole kuna alama ya kuuliza, yaani "? Daftari na kalamu mbili". Ndio tumemaliza au?

Binti_Seva

Bado, uko nusu ya njia. Sasa koneksheni inaelewa baiti nne lakini safu kwenye jedwali bado ni ile ya tatu, kwa hiyo databesi inajaribu kutafsiri kidole, haina pa kukiweka, inaandika alama ya kuuliza na kuendelea. Ni afadhali kuliko kukata, hata hivyo kidole kilichogeuzwa kuwa alama ya kuuliza nacho hakirudi tena. Chukua nakala ya akiba ya databesi nzima kwanza, kisha:

```
ALTER TABLE matangazo
  CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;
```

Halafu ule mstari wa sql_mode, usiuondoe leo. Fundi aliuweka kwa sababu ya tarehe, pengine kuna mahali programu inaandika tarehe za sifuri tupu, ukiuondoa ghafla fomu nyingine zitaanza kugoma. Tafuta kwanza hizo tarehe, zirekebishe, ndipo uufute. Ila uufute, maana unaficha na mengine.

Mwl_Mstaafu

Nimefuatilia mpaka hapa na nimejifunza. Nina swali la msomaji tu. Katika yale manne, namba 31 haifanani na wenzake. 44 na 52 zinaishia kwa kushuka mstari, hii imeishia kwenye nukta pacha yenyewe. Kama sababu ni kidole kilichoanza mstari wa chini, basi kushuka mstari kungebaki kama kulivyobaki kwa wenzake. Au nimesoma vibaya?

Binti_Seva

Mwalimu shikamoo, hujasoma vibaya, mimi ndio nililipita. 31 imeishia 6F3A, "o" na nukta pacha, hakuna kitu nyuma yake. Inaweza kuwa kidole kilibandikwa papo hapo baada ya nukta pacha bila nafasi, na inaweza pia kuwa haikukatwa kabisa, mwandishi aliishia hapo mwenyewe. Kwa kilichomo kwenye databesi siwezi kuzitofautisha.

Mwl_Mstaafu

Marahaba. Basi aulizwe aliyeandika.

Karani_wa_Chama

31 iliandikwa na katibu aliyepita, nitamtafuta.

Kuhusu ALTER, kwenye matangazo imepita vizuri, nimetuma majaribio na vidole vimetokea vyote, kwenye barua pepe na kwenye ukurasa. Nikasema nimalizie majedwali yote, la wanachama likanigomea:

```
ERROR 1071 (42000): Specified key was too long; max key length is 767 bytes
```

Binti_Seva

Hapo una safu ya barua pepe, `VARCHAR(255)`, yenye faharasa ya kuzuia kurudia, sio? Kwa baiti tatu, 255 mara 3 ni 765, inaingia ndani ya 767. Kwa baiti nne ni 1020, haiingii. Ndio maana utaona watu wanaandika 191 kwenye mifumo ya namna hii, 191 mara 4 ni 764. Ukitaka kuipunguza iwe `VARCHAR(191)` angalia kwanza kama kuna anwani iliyozidi urefu huo, maana kwa hiyo sql_mode yenu itakatwa kimya kimya vile vile. Ila kwa maoni yangu jedwali la wanachama liache kwa sasa, anwani ya barua pepe haina vidole. Kilichokuwa kinaumia ni ujumbe, na kichwa cha tangazo kama watu wanakipamba.

ChapaKazi

Na yale yaliyopotea je? Maana aliuliza mwanzoni na hakuna aliyemjibu.

Binti_Seva

Kweli. Kutoka kwenye jedwali hayarudi, hayakuwahi kuingia. Na nakala za akiba hazitasaidia kwa sababu zilichukuliwa kutoka jedwali hilo hilo. Kuna mlango mmoja, kama seva yenu inatunza logi ya mabadiliko, ile binlog, na imewekwa katika hali ya STATEMENT, basi humo amri inaandikwa kama ilivyopelekwa, kabla ya kukatwa, na orodha inaweza kuwemo ikiwa nzima. Ikiwa katika hali ya ROW haina maana, inaandika kilichohifadhiwa. Angalia:

```
SHOW VARIABLES LIKE 'log_bin';
SHOW VARIABLES LIKE 'binlog_format';
```

Karani_wa_Chama

`log_bin` inasema OFF. Kwa hiyo mlango huo haupo.

Ila katibu ana 44, 52 na 58 kwenye simu yake, ananitumia usiku huu niyaingize upya, na hiyo NB ya saa nne tutaiweka hadharani ili watu waone kwamba iliandikwa tangu siku ile. Nimemwambia aendelee na vidole vyake kama kawaida. Alikuwa tayari ameamua kuacha kuandika orodha kabisa, awe anatuma karatasi kama picha.

Katibu aliyepita nimempata. Kuhusu 31 anasema hakumbuki kabisa aliandikaje, lakini siku zile alikuwa anatumia simu ya vibonyezo ambayo haikuwa na emoji. Sasa hapo sijui.

Binti_Seva

Muulize kama alikuwa anabandika orodha kutoka kwenye faili la kompyuta. Kuna alama za nukta nene kutoka kwenye baadhi ya fonti ambazo nazo huleta shida zake, ila nikiona tu hiyo nukta pacha peke yake siwezi kuapa.

Karani_wa_Chama

Nitamuuliza kesho.